Chaja ya kutunza au chaja ya haraka? Betri ya gari na ya pikipiki zilizoisha moto

Nilikwenda Songea msibani nikidhani ni wiki moja, nikakaa tano. Gari, Toyota IST, nililiacha uani Dar es Salaam limefungwa vizuri, limefunikwa na turubai. Siku niliyorudi nikageuza ufunguo: tik-tik-tik-tik, taa za dashibodi zikafifia kama mshumaa, kimya. Nikatoa multimita, nikapima betri: volti 11.9.

Jirani yangu alikuwa ameshasikia ile tik-tik akaja getini. "Jirani, ninayo ile kubwa ya ampia 20. Nusu saa tu unaondoka." Ndani kabatini nami nilikuwa na kachaja kangu ka ampia 4, kale kanakojizima kenyewe. Hapo ndipo swali la makala hii lilipo. Kila anayekwenda dukani kununua chaja ya betri hukutana nalo: anunue ndogo inayokwenda pole pole, au kubwa inayomaliza kazi haraka? Watu wengi hujibu kwa kuangalia muda. Mimi naona muda ndio kitu cha tatu cha kuangalia. Cha kwanza ni ukubwa wa betri, cha pili ni kama chaja inajua kuacha.

Betri ilipungukiwa nini hasa

Gari likizimwa halilali lote. Alamu, kumbukumbu ya redio, kompyuta ya injini na kifaa cha kufuatilia gari kama kipo, vyote hunyonya kidogo kidogo. Kwenye langu nilipima miliampia 30, kiasi ambacho ni cha kawaida kabisa. Zidisha kwa saa 24 unapata kama ampia-saa 0.7 kwa siku. Kwa siku 35 ni ampia-saa 25. Betri yenyewe ni ya ukubwa wa NS40, na ubavuni imeandikwa 35 Ah. Kwa hiyo ilibaki na kama 10, na ndiyo maana multimita ilisoma chini ya 12.

Betri ya volti 12 iliyopumzika na kujaa husoma 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.2 iko nusu. Ikifika 12.0 imebaki robo hivi, na chini ya hapo haifai kuachwa hata siku mbili, kwa sababu pleti za risasi zilizomo ndani hujengeka salfeti. Salfeti hiyo ikiwa changa huyeyuka ukichaji. Ikikaa wiki kadhaa huwa ngumu kama ukoko wa sufuria, na hakuna chaja itakayoirudisha yote. Betri ikaayo tupu ndiyo inayokufa mapema, kuliko hata ile inayotumika kila siku.

Sasa kile ambacho kilinifanya nimkatalie jirani kwa heshima. Kuwasha gari dogo la petroli hakuli umeme mwingi kama watu wanavyodhani. Stata huvuta ampia nyingi sana, tuseme 150, lakini kwa sekunde 3 tu. Hiyo ni kama ampia-saa 0.13. Yaani betri haihitaji kujaa ili gari liwake. Inahitaji kupata kidogo, na iwe nzima. Kachaja kangu ka ampia 4 kwa saa moja na nusu kangekuwa kameshaweka kama ampia-saa 6. Hivyo tofauti kati ya chaja yake na yangu, kwa shida ya kuwasha gari, ilikuwa saa moja. Kwa shida ya kujaza betri, yake isingeifikisha kujaa kwa nusu saa aliyoniahidi.

Chaja ya haraka inafanya nini katika nusu saa

Unapoibana betri tupu kwenye ampia 20, volti zake hupanda upesi. Dakika chache tu zinaweza kufika 14.4 na kuendelea, hasa kama betri ni ndogo au ina umri. Hapo ndipo maji yaliyomo ndani huanza kupasuka kuwa gesi. Utasikia sauti kama ya soda iliyofunguliwa. Umeme unaoendelea kuingia baada ya hapo, sehemu yake inaingia kwenye pleti na sehemu inachemsha maji tu. Pleti hazina uwezo wa kumeza kwa kasi hiyo, sawa na kumimina maji kwenye dumu lenye mdomo mwembamba: ukizidisha yanamwagika.

Ndiyo maana fundi akikutolea betri kwenye chaja kubwa na kukuonyesha multimita inasoma 13.0, usifurahi. Hizo ni volti za juu juu zilizokaa kwenye uso wa pleti. Iache ipumzike usiku kucha halafu ipime. Kama hutaki kusubiri, washa taa kubwa za gari dakika moja au mbili, zima, subiri kidogo, pima. Nimeona betri iliyosoma 12.9 jioni ikasoma 12.2 asubuhi. Haikuvuja, bali haikuwa imejaa tangu mwanzo.

Kanuni ya mafundi wazee bado ni nzuri: chaji kwa moja ya kumi ya ukubwa wa betri. Betri ya 35 Ah, ampia 3.5. Betri ya N70 ya gari kubwa, ampia 7. Ukiizidisha mara mbili kwa muda mfupi betri ya gari huvumilia. Ampia 20 kwenye betri yangu ni zaidi ya nusu ya ukubwa wake, na katika joto la Dar es Salaam betri huanza ikiwa tayari ina moto wa jua.

Haina maana kwamba chaja ya haraka ni ya kutupwa. Gereji inaihitaji. Mwenye daladala au bajaji tatu anaihitaji, kwa sababu gari lililolala ni hesabu ya siku iliyopotea. Na ina faida moja ambayo chaja za kisasa hazina: haiulizi maswali. Chaja ndogo yenye akili ikikuta betri imeshuka sana, nyingine zikisoma chini ya volti 8 kwa mfano, hukataa kabisa na kuwasha taa nyekundu. Inadhani betri imeharibika au hakuna kitu kilichobanwa. Chaja kubwa ya zamani yenye transfoma husukuma tu. Betri iliyokataliwa unaweza kuianzishia kwenye hiyo kubwa kwa kiwango chake cha chini kabisa, dakika 15 au 20 ukiwa umesimama karibu, kisha ukaihamishia kwenye ndogo ikimalizie.

Kuna zile kubwa zaidi zenye swichi iliyoandikwa `START`, ambazo hutoa makumi ya ampia wakati unapiga stata. Hizo ni za kusaidia stata kwa sekunde chache, si za kuchaji. Kwenye pikipiki usizifikirie kabisa.

Chaja ya kutunza, na ndugu yake anayefanana naye

Chaja ya kutunza ni ndogo, mara nyingi ampia 0.75 hadi 1.5. Kazi yake hasa si kufufua betri iliyokufa. Ni kuifanya isife: unaibana, inaijaza taratibu, ikijaa inashuka yenyewe hadi volti 13.2 au 13.8 na kukaa hapo, ikirudisha kile tu kinachonyonywa. Gari linaweza kukaa miezi miwili hivyo. Kama ningekuwa na hiyo pale uani kabla ya safari ya Songea, kusingekuwa na makala.

Tatizo ni kwamba sokoni ina ndugu anayefanana naye sana. Huyo naye ni mdogo, naye hutoa ampia moja, boksi lake nalo lina picha ya pikipiki na gari. Lakini ndani ni transfoma na diodi tu. Hajui betri imejaa. Ataendelea kusukuma ampia yake hiyo moja mchana na usiku. Hesabu yake ni hii: kila ampia-saa moja inayoingia baada ya betri kujaa hupasua kama theluthi ya gramu ya maji katika kila seli. Iache wiki moja kwenye betri ya pikipiki, hizo ni ampia-saa 168, karibu gramu 56 za maji kwa kila seli. Betri ya pikipiki ya 7 Ah haina maji kiasi hicho. Utaikuta kavu, pleti zimejikunja.

Kuwatofautisha si kazi kubwa. Soma boksi: neno `FLOAT` au `MAINTENANCE` ni dalili nzuri, ingawa wapo wanaoandika chochote. Ushahidi ni multimita. Bana chaja kwenye betri ambayo tayari imejaa, subiri saa mbili tatu, pima kwenye vichwa vya betri huku chaja ikiwa inafanya kazi. Ikisoma 13 na kitu, hiyo ni ya kutunza. Ikisoma 15 na inazidi kupanda, ni yule ndugu. Huyo unaweza kumtumia, lakini kwa saa ulizohesabu, na kengele ya simu ikukumbushe.

Kitu kingine ambacho boksi halisemi, nacho kwetu ni muhimu kwa sababu ya umeme kukatika: chaja inafanya nini umeme ukirudi? Nyingine hurudi kazini zenyewe. Nyingine hukaa zikimsubiri mtu abonyeze kitufe, na huku zimebaki zimebanwa kwenye betri. Muulize muuzaji aichomeke, achomoe ukutani, achomeke tena, mwone wote wawili.

Kwa wanaopaki mahali pasipo na soketi, paneli ndogo ya sola ya wati 10 hutoa kama nusu ampia jua likiwa kali, na hiyo inatosha kutunza betri ya gari. Ipitishe kwenye kontrola ya sola, usiibane moja kwa moja, hasa kama ni betri ya pikipiki.

Nizilinganishe kwa saa

Nimechukua betri yangu ya gari, na betri ya kawaida ya pikipiki ya 7 Ah iliyopungukiwa ampia-saa 5. Betri haihifadhi kila unachoingiza, kwa hiyo unaweka kama moja ya tano ya ziada juu ya kilichopungua, na mwisho wa kuchaji kasi hushuka.

| Chaja | Betri ya gari, 35 Ah | Betri ya pikipiki, 7 Ah |
|---|---|---|
| Ya kutunza, ampia 1 | siku moja na nusu hadi mbili, inajaa | saa 6 hadi 8, inajaa |
| Ya kati inayojizima, ampia 4 | saa 8 hadi 10, inajaa | kali mno, labda iwe na swichi ya pikipiki |
| Ya haraka, ampia 20 | nusu saa linawaka, kujaa bado sana | itaiua |

Safu ya pikipiki ndiyo inayoumiza watu. Betri nyingi za pikipiki zimeandikwa ubavuni au juu kiasi cha kuchajia, lakini kwa herufi ndogo ambazo hakuna anayezisoma. Utakuta kitu kama `STD 0.7A x 5-10h`, na pengine chini yake `QUICK 3A x 1h`. Ya kwanza ndiyo ya kufuata. Ya pili ni ruhusa ya dharura, na angalia ni saa moja, si kutwa.

Mdogo wangu ana bodaboda. Mwaka juzi betri yake iliisha moto akaipeleka kwa wachaji betri pembeni mwa barabara, akairudia jioni. Betri ilikuwa imevimba pande zote mbili, kiasi cha kukataa kurudi kwenye kikapu chake chini ya kiti. Alikuja kwangu analalamika. Nikamwuliza waliichaji vipi, akasema: "Kaka, waliiweka kwenye foleni na za magari, tano kwa mstari."

Hapo ndipo ilipoharibikia. Wachaji wengi hufunga betri kwa mfululizo, chanya ya hii kwenye hasi ya ile, zote kwenye chaja moja kubwa. Katika mfululizo umeme unaopita ni uleule kwa kila betri, haijalishi ni kubwa au ndogo. Chaja ikiwa imewekwa ampia 6 kwa sababu ya betri za N70, basi na ile ya bodaboda imepitishiwa ampia 6. Kwa betri ya N70 hiyo ni chini ya moja ya kumi, chakula chake halali. Kwa betri ya 7 Ah ni karibu mara tisa ya kipimo chake, kwa saa nzima nzima. Fundi hakuwa na nia mbaya, ila mstari ule haukuwa wa betri yake. Ukilazimika kupeleka betri ya pikipiki kwa mchaji, mwambie aichaji peke yake au na za pikipiki wenzake zenye ukubwa sawa, na usiondoke kabla hujaona imefungwa hivyo.

Vibanio

Hapa ndipo chaja ya haraka inapodai nidhamu kuliko ya kutunza, na sababu ni gesi. Betri ikichemka hutoa haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche. Chaja ya ampia 1 inayochemsha betri iliyojaa hutoa kama lita 2.5 za haidrojeni kwa saa. Ya ampia 20, ikifika hali hiyo, hutoa kama lita 50. Chini ya boneti iliyofungwa au ndani ya stoo isiyo na dirisha, kiasi hicho si cha kuchezea. Na cheche hutoka wapi? Hutoka pale pale unapobana au kubandua kibanio huku umeme unapita.

Kwa hiyo mpangilio si ushirikina wa mafundi. Chaja iwe imezimwa ukutani kwanza. Kibanio chekundu kiende kwenye chanya. Cheusi kiende, kama betri iko ndani ya gari, kwenye bolti ya injini au bodi isiyo na rangi, mbali na betri na mbali na mipira ya mafuta. Kama betri umeitoa nje, cheusi kitakwenda kwenye hasi yenyewe, hakuna namna. Ndipo uwashe ukutani. Kuondoa ni kinyume chake: zima ukutani, toa cheusi, toa chekundu. Kiini cha mpangilio wote ni kwamba swichi ya ukutani ndiyo inayoanza na kumaliza kazi, si kibanio. Cheche itoke kwenye swichi, mita kadhaa kutoka kwenye gesi.

Jirani yangu yuleyule, kabla ya kisa changu, alinionyesha shati. Alikuwa akichaji betri ya pikapu yake, mshale wa chaja ukawa unachezacheza, akakitikisa kibanio aone kama kimeuma sawasawa. Akasikia "pwa!", vifuniko viwili vikaruka. Alibahatika, alikuwa amesimama pembeni na asidi ilimpata kifuani tu. Shati lilionekana zima jioni ile. Lilipofuliwa ndipo likatoka na matundu kama limeliwa na panya. Ingekuwa jicho, dawa ya kwanza ni maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20 bila kukatisha, halafu hospitali.

Kama kibanio hakijauma vizuri, usikitikise. Zima ukutani, ngoja dakika chache gesi itawanyike, ndipo ukirekebishe. Na mara nyingi sababu ni uchafu. Ule unga mweupe au wa kijani kichwani mwa betri hauupitishi umeme. Uoshe kwa maji ya moto yenye bikabonati ya soda, ile ya jikoni, vifuniko vikiwa vimekazwa isiingie ndani, kisha kausha na usugue kwa brashi ya waya.

Angalia pia kibanio chenyewe. Vile vya bei rahisi ni bati lililokunjwa, na waya umefungwa kwenye taya moja tu. Taya ya pili haina kazi ila kushika. Ukibana taya hiyo ya bure ndiyo iguse risasi vizuri na ile yenye waya iguse kidogo, kibanio kitapata moto. Kwenye ampia 1 hutaona tofauti. Kwenye ampia 20 plastiki yake italainika na kunuka. Geuza taya yenye waya iguse sehemu kubwa ya kichwa. Betri za NS40 zina vichwa vyembamba, vibanio vikubwa huviteleza, hivyo bana chini karibu na shina, si kwenye ncha.

Usiamini rangi za waya. Gari likishapita kwa mafundi watatu, waya mweusi unaweza kuwa chanya. Tazama alama za + na − zilizochongwa kwenye betri yenyewe, na kumbuka kuwa kichwa cha chanya ni kinene kidogo kuliko cha hasi. Chaja ya kutunza ya kisasa ukiigeuza hukataa kufanya kazi na kuwasha taa. Ile kubwa ya zamani haikatai, na kama betri iko ndani ya gari, diodi za alternata au fyuzi kuu ndizo zitakazolipa.

Kutoa betri kwenye gari nako kuna mpangilio wake: spana namba 10 ianze kwenye hasi, kurudisha hasi iwe ya mwisho. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, umeme wote wa betri utapita kwenye spana hiyo. Vua pete na saa ya chuma kabla hujainama. Pete ikishika umeme huo huwa nyekundu kabla hujaitoa kidoleni.

Na hapa chaja ya kutunza ina faida ambayo naiona kubwa kuliko zote. Nyingi huja na waya mfupi wenye pete mbili ndogo na fyuzi, wa kufungwa kabisa kwenye vichwa vya betri kwa spana. Ncha ya pili ina plagi inayotokeza pembeni mwa kiti cha pikipiki au mbele ya gari. Ukishaufunga mara moja, hubani tena chochote. Unachomeka plagi, unawasha ukutani. Hakuna kutafuta kichwa gizani na hakuna taya la kuteleza.

Dalili za kuacha, chaja yoyote ile

Betri ikitoa harufu ya yai viza, inachemshwa kupita kiasi au imeharibika ndani. Zima ukutani, fungua madirisha, usiguse vibanio mpaka harufu iishe. Betri ikiwa ya moto upande mmoja tu, seli ya upande huo ina shoti. Betri iliyochajiwa usiku kucha na bado inasoma kama 10.5 imepoteza seli moja kati ya sita, na pesa ya kuichaji tena ni ya bure. Iliyojaa kweli, ikapumzika, ikasoma 12.6, lakini ukipiga stata inaanguka chini ya 9.6, nayo nguvu zake zimekwisha hata kama volti zinapendeza.

Kwa zile zenye vifuniko, kabla ya kuchaji ongeza maji ya betri yafunike pleti tu. Kiwango hupanda wakati wa kuchaji, kwa hiyo jaza hadi alama baada ya kumaliza. Asidi usiongeze.

Ningenunua ipi

Mwenye gari moja linalotembea kila siku na pikipiki moja nyumbani, ningempa ya kati: ampia 4 au 5, inayojizima, yenye swichi ya pikipiki inayoshusha hadi ampia 1 au chini. Hiyo inafanya kazi ya kutunza na inafufua betri ya gari kwa usiku mmoja. Mwenye pikipiki peke yake hahitaji zaidi ya chaja ya kutunza ya ampia 1. Anayeacha gari kwa wiki kadhaa kila mara, mabaharia, wanaofanya kazi migodini kwa zamu, achukue ya kutunza yenye waya wa pete na aiache imechomekwa. Ya haraka ni ya gereji na wenye magari mengi, na hata wao wawe na ndogo ya kumalizia.

Kuendesha tu ili alternata ijaze? Kwa betri iliyopungua kidogo sawa. Kwa iliyopungukiwa ampia-saa 25, kuliacha gari likinguruma nusu saa uani hakusogezi kitu cha maana. Utahitaji safari ya saa kadhaa, na alternata itafanya kazi ngumu njia nzima.

Ile siku ya IST nilibana kachaja kangu saa 9 alasiri, cheusi kwenye bolti ya injini. Saa 10 na nusu nikazima ukutani, nikabandua, nikapiga stata, likawaka. Nikalizima tena nikarudisha vibanio, kachaja kakaendelea usiku kucha. Asubuhi nilichomoa, nikasubiri hadi mchana kabla ya kupima: 12.6. Jirani alikuja kuangalia, akasoma multimita mara mbili, akaniuliza kale kachaja nilikapatia duka gani.